Wadudu mu bunga, videyo mu WhatsApp: mbele ya kujibu, tafuta namba ya loti

Siku hizi wengi kati yetu wenye walimaliza masomo wanaanza ka-marke kao. Mumoja anasaga mahindi, mwingine anatengeneza juse ya ananasi, mwingine anauza karanga za kusaga. Wanachapisha jina ku mufuko, wanafungua paji ku Facebook, watu wanaanza kununua. Kisha, siku moja ya posho, mama mumoja anarusha videyo mu gurupu ya WhatsApp ya kartye, na ku kesho yake ile videyo imefika mu magurupu ambamo hata hauko na rafiki hata mumoja. Leo nataka tuzungumuzie ile siku. Sitaongea juu ya marke zote, nitachukua kitu kimoja tu chenye sisi wa agronomi tunajua vizuri: bunga ya mahindi.

Tuweke mufano yetu hapa Lubumbashi. Uko na mashini ya kusaga, na unauza mifuko ya kilo 25. Ku tarehe 29 ya mwezi wa tatu, mama mumoja wa Ruashi anafungua mufuko wake mbele ya telefone, anachunga bunga mu tami, na vidudu vyekundu vidogo vinaanza kutembea. Anasema: "Muangalie vitu vyenye wanatulisha. Marke hii musiinunue tena." Jina yako inaonekana wazi ku mufuko. Mbele ya magaribi, watu wameanza kuandika komanteri: "Miye pia yangu ilikuwa chungu." "Batoto bangu walilala na tumbo." "Wale watu wanachanganya na bunga ya zamani." Utafanya nini?

Jibu yangu ni fupi: usiseme kitu chenye haujapima, na upime haraka. Kazi ya kulinda marke haifanyikie kwanza mu telefone. Inafanyikia mu depo, karibu na mifuko. Kile unaandika mu telefone ni habari tu ya kile ulikuta mu depo. Mwenye anaanza na telefone, mara nyingi anaahidi ao anakana kitu chenye kesho kitamurudilia.

Tuanze na yale yenye mikono inapenda kufanya yenyewe mu saa ya kwanza.

Ya kwanza ni kufuta komanteri ku paji yako. Usifute. Mutu mwenye alipiga picha ya komanteri yake mbele haujaifuta atairusha pamoja na maneno "wamenifuta", na sasa uko na malalamiko mbili: ya wadudu na ya kuficha. Matusi ya wazi ao namba ya telefone ya mutu mwingine, hiyo unaweza kuondoa, na useme juu ya nini umeondoa. Lakini lalamiko yenyewe ibaki.

Ya pili ni kusema "huyu ametumwa na wale wenye tunashindana nao." Inawezekana ametumwa. Lakini ile saa haujui, na watu mia tano wenye wanaangalia wameona wadudu kwa macho yao. Wewe unawaletea hadisi ya adui, wao wanaona tami.

Ya tatu ni kurusha karatasi ya OCC, yenye kuwa na kashe: "Bunga yetu ilipimwa, iko safi." Hapa watu wengi wanakosea juu karatasi iko ya kweli. Lakini karatasi ya laboratwari inasema tu juu ya ile bunga yenye ilipelekwa kupimwa, ile siku. Haisemi kitu juu ya mufuko wa yule mama. Mununuzi mwenye akili ataiona hiyo mara moja, na siku ingine utakuwa na lazima ya ile karatasi kwa kweli, itakuwa imepoteza nguvu.

Basi, ya kuandika ni nini? Maneno machache, mahali pale pale lalamiko ilitokea, mbele watu hawajalala. Kwa mufano hivi:

"Mama, tumeona videyo yako. Pole sana, hakuna mutu mwenye ananunua bunga ili akute wadudu. Tunakuomba utusomee namba yenye kuandikwa chini ya mufuko. Kesho asubui mutu wetu anaweza kufika kwako, akuletee mufuko mwingine ao akurudishie feza, vile utachagua weye mwenyewe. Ile loti tumesimamisha kuiuzisha mpaka tuifungue. Kesho magaribi tutasema hapa hapa kile tumekuta."

Muangalie kile maneno haya yanafanya. Hayakubali kosa, na hayakatai. Yanamwita mama kwa heshima yake, si "mununuzi mupendwa" yenye kila mutu anapewa. Yanaomba namba, juu bila namba hauwezi kutafuta kitu. Yanamupa mama haki ya kuchagua. Na yanaweka saa. Ile saa njo yenye inatuliza watu kuliko pole kumi, lakini iko na bei yake: kesho magaribi lazima useme, hata kama haujamaliza. Ukinyamaza ile magaribi, kila kitu ulisema jana kinageuka bongo.

Usimwambie mama "njo mu inboks" na kuishia pale. Adresi yake na namba yake ya telefone, hizo zipite kwa siri, sawa. Lakini jibu yenyewe ibaki mbele ya watu, juu watu wenye walisikia lalamiko njo wale wale wenye lazima wasikie jibu.

Kuko pahali pamoja ambapo hauna ruhusa ya kungojea mpaka kesho: kama kuko mutu mwenye anasema mutoto aligonjwa. Wadudu ni kitu cha kuchukiza, lakini ugonjwa ni jambo ingine. Ukungu wa mahindi unaweza kuacha sumu yenye haionekane kwa macho, haina radha, na kupika bukari hakuiondoe. Kwa hiyo kama kuko komanteri ya ugonjwa, unasimamisha mauzo ya loti ile ile saa, unawaambia watu wasiikule, unamuomba mwenye mutoto amufikishe ku dispanseri, na eshantiyo inaenda ku laboratwari. Usiwe munganga mu komanteri. Maneno "haiwezekane, bunga yetu haigonjwishe mutu" hakuna mutu mwenye anaweza kuyasema bila laboratwari.

Sasa twende mu depo, juu njo pale jibu iko.

Mama amesoma namba: 0403. Mu kitabu chako, 0403 ni mifuko yenye ilifungwa tarehe 4 ya mwezi wa tatu. Ilikuwa mifuko 80. Kitabu kinasema: 34 ingali mu depo, 20 ilienda ku butike moja ya Katuba, na 26 ku butike moja ya Ruashi. Kama kitabu chako hakiwezi kukuambia hivyo, basi hauna loti, uko na bunga tu. Hapo njia ya ukweli ni moja na iko bei kali: kusimamisha mifuko yote, juu haujui gani iko sawa na ile ya mama. Ile namba ndogo ya wino chini ya mufuko njo inafanya lalamiko ibaki ya mifuko 80, isikuwe ya marke muzima.

Kila siku ya kusaga, unaweka pembeni kilo moja ya bunga mu chupa yenye kufungwa vizuri, na unaandika namba ya loti juu. Tuiite eshantiyo. Unafungua eshantiyo ya 0403 na kuichunga: haukute kidudu. Hiyo ni habari muzuri, lakini usiikimbilie. Kilo moja mu loti ya kilo 2.000 ni kidogo sana. Kama wadudu walikuwa wachache na mahali pamoja, chupa inaweza kuwakosa. Kwa hiyo unafungua pia mifuko 10 kati ya ile 34 ya depo, na unaichagua mahali mbalimbali: ya juu, ya katikati, ya chini yenye kugusa mbao, ya karibu na ukuta. Unachunga. Haukute kidudu.

Kisha unaenda Ruashi na tami yako. Kwa butike mifuko 12 ya 0403 haijauzika. Unafungua yote, na ndani ya 5 muko vidudu. Mifuko imepangwa chini ku simenti, imeegemea gunia ya zamani ya bunga ingine yenye imefunguka, na ndani ya ile gunia vidudu vimejaa. Katuba imebakia mifuko 3, na yote iko safi.

Hapa sasa masomo yetu yanasaidia, juu wadudu wako na saa yao. Kuko kidudu chenye mudomo murefu kama pua ya tembo. Hicho kinazalia ndani ya mbegu muzima, si ndani ya bunga. Kikionekana mu bunga yako, angalia upande wako kwanza: stoki ya mahindi, mashini, na tami yenye kutoboka. Kidudu chekundu, kipyapya kama mbegu ya ulezi na kirefu kidogo, bila mudomo murefu, hicho kinapenda bunga na kinaweza kuzalia humo popote: kwako, kwa butike, ao mu nyumba ya mununuzi. Kikiwa kingi sana, bunga inaanza kunuka vibaya na kukuwa na rangi ya karibu na pinki. Kutoka yai mpaka kidudu kikubwa kinaomba kama mwezi moja wakati kuko joto muzuri kwake, na Lubumbashi kwetu, mahali pa juu na usiku wa baridi, kinaomba zaidi.

Fanya hesabu. Kutoka tarehe 4 mpaka tarehe 29 ni siku 25. Vile vidudu vikubwa vyenye mama alionyesha havikutoka mu mayai yenye yalitagwa kisha mufuko kufungwa, siku ni chache sana. Basi inaonekana viliingia vikiwa vikubwa. Kama viliingia kwako, ungevikuta mu depo ao Katuba pia. Vimekutwa Ruashi tu, na pembeni ya ile gunia. Mufuko wetu ni wa nyuzi za plastiki zenye kusukwa, na mushono wake wa juu uko na matundu, kidudu kinaweza kupita bila shida.

Inaonekana sasa kama umeshinda, ao sivyo? Kosa ni ya butike. Na njo hapa wengi wanaharibu kazi yote. Wanaandika: "Tumechunguza, bunga yetu iko safi, ni Papa wa butike fulani mwenye hajui kuweka bidhaa." Ni kweli, lakini angalia kile umefanya. Mama hakununua jina ya butike, alinunua jina yenye iko ku mufuko. Yule Papa, mwenye aliuza mifuko yako 14, umemupiga mbele ya kartye nzima, na hatakuuzia tena. Wenye butike wengine wanasoma na kujiuliza: kesho ni miye? Tena weye njo ulichagua mufuko wenye matundu, na hakuna siku ulimupa Papa mbao ya kuweka chini ya mifuko.

Kwa hiyo mbele ya kuandika, unaamua. Mifuko 12 ya butike ya Ruashi unairudisha yote, hata ile 7 yenye haikuonekana na kidudu, juu ilikaa pamoja na ingine. Mifuko 14 yenye iliuzwa Ruashi, unaibadilisha kwa kila mwenye anairudisha, hata kama ameisha kula nusu. Hasara yako ya mwisho kabisa ni mifuko 26 kati ya 80. Kwa kweli haitafika pale, juu familia yenye ilikula bukari yake tangu wiki tatu hairudishe mufuko wenye umeisha. Tuseme 6 tu inarudi. Basi ni 18. Hiyo ni hesabu yenye unaweza kubeba, na unaijua mbele haujaahidi. Mutu mwenye anaahidi "tutabadilisha kwa kila mutu wa Lubumbashi" bila kujua loti, anaahidi kitu chenye depo yake haina.

Sasa unaweza kuandika mara ya pili, ile magaribi yenye uliahidi:

"Jana tuliahidi kusema kile tumekuta. Mufuko wa Mama ni wa loti 0403, yenye ilikuwa na mifuko 80. Tulifungua mifuko 10 ku depo yetu na 3 Katuba, hatukukuta wadudu. Ruashi tulifungua 12, mu 5 tulikuta. Inaonekana vidudu viliingia ku njia ya kuweka mifuko, kisha kutoka kwetu. Lakini jina yenye iko ku mufuko ni yetu, na kuufikisha muzuri mpaka kwenu ni kazi yetu. Mifuko yote 12 tumeirudisha. Mwenye alinunua 0403 Ruashi, airudishe pale pale alinunua, atapata mwingine, hata kama ameisha kuufungua. Kuanzia wiki hii tunapeleka mbao za kuweka chini ya mifuko ku kila butike, na tunashona mufuko mara mbili. Asante kwa Mama mwenye alisema."

Maneno haya yana hesabu, na hesabu njo zinafanya watu waamini. Yanasema "hatukukuta", hayasemi "hakuna", juu tulifungua 10 kati ya 34, si yote. Yanaeleza kama vidudu viliingia njiani, lakini hayatupe mutu. Na asante kwa Mama haiko ya kupamba: bila yeye, mifuko mingine ya Ruashi ingeendelea kuuzwa. Yule Papa wa butike unaongea naye uso kwa uso, mulango ukiwa umefungwa. Unamwambia: "Papa, tunakuomba hii gunia ya zamani uitoe, na hizi mbao tumekuletea." Atakuheshimia juu haukumutaja.

Kuko mufano ya kweli yenye inaonyesha kama jibu lenye kuwa na maana linaweza kuwasha moto. Si ya hapa kwetu, ni ya inchi ya Kenya (inchi, si komini yetu ya Kenya). Ku mwanzo wa mwezi wa kwanza wa mwaka 2022, marestora ya KFC kule yalikosa viazi vya kukaanga. Kampuni ikasema mizigo imechelewa ku njia ya bahari juu ya mambo ya korona. Watu wakashangaa: viazi vinatoka Misri? Mu inchi yenye wakulima wanalima viazi, kwa mufano Nyandarua? Mukubwa wa KFC kwa Afrika ya Mashariki, Jacques Theunissen, akaeleza gazeti The Standard kama kila mwenye kuwauzia lazima apite mu uhakikisho wa ubora wa kampuni ya dunia nzima, na kama hawawezi kuruka ile kanuni hata wakiishiwa, ili chakula kikuwe salama.

Ukiisoma na akili ya agronomi, ni jibu ya kawaida. Kampuni ya chakula haiwezi kuokota viazi sokoni asubui na kuvikaanga magaribi. Lakini watu walisikia kitu kingine: "viazi vyenu haviko salama." Ku Twitter maneno #BoycottKFC yakatembea inchi nzima. Kampuni ilijibu swali yenye haikuulizwa. Iliambia watu juu ya nini viazi vimeisha, na wao walikuwa wanauliza juu ya nini mukulima wao hajaingizwa mu ile kazi tangu zamani. Ni wakati tu ilitangaza kama itafanya kazi na wauzaji wa viazi wa pale pale njo ilijibu swali yenyewe.

Kwa bunga yetu fundisho ni moja. Mbele ya kuandika, soma komanteri 30 ao 40 na ujiulize watu wanauliza nini kwa kweli. Mu videyo ya mama, wadudu njo mulango tu. Swali yenye iko nyuma ni: "Mu huu mwezi wa tatu, wakati mavuno mapya haijafika na watu wanauza mahindi ya mwaka uliopita, munatupatia masalio?" Kama ndiyo swali, basi sema mahindi yako ilitoka wapi, na ilisagwa tarehe gani. Wale wenye waliandika "yangu ilikuwa chungu" wako na swali ingine kabisa. Bunga yenye kusagwa na kiini chake iko na mafuta ndani, na ile mafuta inageuka chungu ikikaa mingi mu joto, bila kidudu hata kimoja. Waombe na wao namba ya loti. Usikusanye malalamiko mbili mu jibu moja, hautajibu hata moja vizuri.

Na kama videyo iko ya bongo? Inafika. Hapa kwetu mifuko mitupu inauzwa sokoni, na mutu anaweza kutia bunga yake ndani ya mufuko wenye jina yako na kuushona tena. Mushono njo unaongea. Kama unashona na uzi wa rangi moja kila mwezi, na namba inapigwa pahali pamoja, mufuko wenye kushonwa mara ya pili unaonekana: matundu ya zamani pembeni ya mushono mupya, uzi wa rangi ingine, namba ya loti yenye iliuzwa na kuisha tangu miezi. Hata hapo usiseme "huyu mama ni mwongo." Mara nyingi yeye pia alinunua bila kujua. Weka picha mbili, mushono wako na mushono wa ule mufuko, na uandike: "Mufuko wa Mama haukushonwa kwetu, na hivi njo mutatambua wetu." Kisha umupe Mama mufuko mumoja muzuri. Utamufanya mushahidi wako kwa bei ya kilo 25.

Namna gani utajua kama imani ya watu imerudi? Usihesabu malayike, na usihesabu komanteri za "courage". Hesabu vitu viwili. Cha kwanza: ile butike ya Ruashi na ile ya Katuba zilikuwa zinaomba mifuko ngapi kwa mwezi mbele ya videyo, na zinaomba ngapi kisha majuma matatu ao mane. Cha pili: watu wanauliza nini wakinunua. Kama wanauliza "ile ya wadudu imeisha?", jibu yako haijafika kwao. Kama wanageuza mufuko kuangalia namba chini, imefika. Na kama maombi inashuka mu butike zenye hazikuuza hata mufuko mumoja wa 0403, basi shida yako haiko tena wadudu. Kuko neno ulisema vibaya, na lazima ulitafute.

Haya yote yanasimama juu ya vitu vitatu vyenye bei ndogo: kashe ya namba, kitabu cha kuandika mifuko ilienda wapi, na chupa ya kilo moja kwa kila loti. Hauwezi kuvitengeneza ku siku ya videyo. Mwenye anasaga kesho asubui, aanze na loti ya kesho asubui.